Kabla ya kuinua pazia, angalia tarehe

Juzi fundi seremala mmoja alikuja kwangu na faili lililofungwa kwa mpira. Alikuwa amemtengenezea mjenzi milango 40 ya mninga. Nusu ililipwa, nusu haikulipwa. Alishtaki kampuni, akashinda. Alipokwenda kukazia hukumu akakuta kampuni haina kitu: ofisi ya kupanga, gari la mkopo, akaunti tupu. Wakili wake akamwambia wasihangaike, wataomba mahakama iinue pazia, yaani ipuuze utengano kati ya kampuni na wenye nayo, wamkamate mkurugenzi. Maombi yakatupwa na gharama juu.

Nilisoma maombi yale hadi mwisho nikaumia. Hoja yote ilikuwa hii: mkurugenzi ndiye mwenye hisa nyingi, ndiye anayeamua kila kitu, na kampuni haina mali, kwa hiyo kampuni ni yeye. Sentensi hiyohiyo ninaikuta kila muhula kwenye karatasi za wanafunzi wa sheria ya makampuni, na ilishakataliwa mwaka 1896.

Mnakumbuka kisa cha Salomon. Ukirudie ukiwa na pesa mkononi, kwa sababu uchungu wake uko kwenye pesa. Aron Salomon, mtengeneza viatu wa Whitechapel, London, aliiuzia kampuni biashara yake kwa takribani pauni 39,000. Sheria ilitaka wanachama saba, akajiweka yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne, hisa mojamoja kwa hao sita. Yeye alichukua hisa 20,001, pamoja na hati fungani za pauni 10,000 zilizowekewa mali ya kampuni kuwa dhamana. Yaani aliikopesha kampuni yake na akajiweka mbele ya foleni. Mwaka 1893 kampuni ikafilisika. Mkopeshaji aliyekuwa ameshika zile hati kwa mkopo wa pauni 5,000 alilipwa kwanza. Zikabaki kama pauni 1,000, na nyuma walikuwapo wadai wasio na dhamana waliodai zaidi ya pauni 7,000.

Jaji wa kwanza alisema kampuni ni wakala wa Salomon. Mahakama ya Rufani ikasema inashikilia mali kwa niaba yake. Mwaka 1896 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likakataa yote mawili: kampuni ikishasajiliwa kihalali ni mtu mwingine, hata kama hisa karibu zote ni za mmoja. Nakubali kwa shingo upande kwamba wale wadai waliachwa pabaya. Lakini daftari la msajili lilikuwa wazi, na waliikopesha kampuni, hawakumkopesha Salomon.

Hapohapo mrekebishe kosa lingine. Dhima ya kampuni haina ukomo. Kampuni inalipa madeni yake kwa kila ilichonacho hadi shilingi ya mwisho. Mwenye ukomo ni mwanahisa: akishalipa hisa zake zote, hadaiwi zaidi.

Sasa pazia. Swali la kwanza wengi hawaliulizi: wajibu ulizaliwa lini, na ulizaliwa juu ya nani?

Chukua kesi ya Jones dhidi ya Lipman, ya 1962. Lipman alikubali kumuuzia Jones nyumba kwa pauni 5,250. Kabla ya kukamilisha akabadili nia, akachukua kampuni iliyokuwa imesajiliwa tayari, akaihamishia ile nyumba, kisha akamwambia Jones kwamba nyumba si yake tena. Jaji Russell aliiita kampuni ile kinyago alichojishikia usoni ili macho ya haki yasimtambue, akaamuru wote wawili, Lipman na kampuni, wakabidhi nyumba. Angalia mpangilio. Wajibu ulikuwapo kwanza, na ulikuwa wa Lipman mwenyewe. Kampuni ikaletwa baadaye, kusudi, isimame katikati.

Mwaka 2013, katika Prest dhidi ya Petrodel, Lodi Sumption, jaji wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, aliugeuza mpangilio huo kuwa kipimo: mtu ana wajibu au zuio la kisheria lililopo tayari, halafu anaukwepa makusudi kwa kuingiza kampuni anayoitawala. Hapo ndipo pazia linainuliwa, na ni mara chache mno. Kampuni ikitumika tu kuficha nani amefanya nini, hakuna pazia la kuinua. Mahakama inatazama nyuma ya kampuni kuona ukweli, kisha inatumia sheria ya kawaida.

Matokeo ya Prest yenyewe ndiyo ninayotaka myashike. Mke aliyeachika alizipata nyumba saba zilizoandikwa kwa majina ya makampuni ya mumewe, na pazia halikuinuliwa. Baadhi zilikuwa zimehamishwa kwa pauni 1. Mume na makampuni waligoma kutoa nyaraka za kueleza fedha za ununuzi zilitoka wapi. Mahakama ikahitimisha kwamba zilitoka kwa mume, hivyo kampuni ilikuwa ikimshikilia mali yake tu. Mke alishinda kwa sheria ya amana. Mwanafunzi anayeandika kwamba katika Prest pazia liliinuliwa ameikosa kesi nzima.

Rudi kwa seremala. Oda ilitolewa na kampuni, ankara ziliandikwa kwa kampuni, na kampuni ilikuwapo miaka mingi kabla ya milango. Deni lilizaliwa likiwa la kampuni. Mkurugenzi hakuwa na wajibu wowote wa kukwepa. Angekuwa amekopa milango kwa jina lake, halafu baada ya kudaiwa akaihamishia kampuni mpya nyumba yake, ningekuwa wa kwanza kusema pazia liinuliwe. Umaskini wa kampuni peke yake si udanganyifu.

Najua mtanitajia kesi ya Yusuf Manji dhidi ya Edward Masanja na Abdallah Juma, ambapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilimbebesha mkurugenzi mtendaji deni la hukumu iliyotolewa dhidi ya kampuni. Sawa, mlango wetu ni mpana kidogo kuliko wa London, na Uganda imeandika kabisa kwenye Sheria ya Makampuni ya 2012 kwamba Mahakama Kuu inaweza kuinua pazia kwa mambo kama ukwepaji kodi na udanganyifu. Lakini hata hapo lazima uoneshe jambo la pekee alilotenda mtu, kwa ushahidi. Maombi ya seremala hayakutaja hata moja.

Na kilichonikosesha usingizi ni karatasi iliyokuwa chini kabisa ya faili. Baada ya milango 20 ya kwanza kucheleweshewa malipo, seremala aligoma kupeleka iliyobaki. Mkurugenzi akamwandikia kwa mkono: “Leta milango yote. Kampuni isipolipa nitalipa mimi mwenyewe.” Jina, sahihi, tarehe. Seremala akapeleka kwa sababu ya karatasi ile.

Hiyo ni dhamana binafsi. Ni ahadi ya mkurugenzi kwa nafsi yake, iliyotolewa ili apate kitu, na seremala aliitimiza kwa upande wake. Kumdai kwa ahadi hiyo hakugusi pazia wala Salomon, kwa sababu deni ni lake. Wakili aliiambatisha karibu na mwisho wa maombi kama kielelezo cha “udhibiti wa kampuni”, akaipita.

Kwa hiyo ukipewa swali la mtihani au faili la mtu, uliza kwanza kama mkurugenzi alitoa dhamana, kama yeye mwenyewe alidanganya au kusababisha madhara, kama kampuni imeshika mali iliyo yake kwa kweli, kama mfilisi ana la kumdai. Pazia liwe la mwisho.

Barua ni ya 2022. Madai ya mkataba Tanzania yana ukomo wa miaka sita, na mkurugenzi hakuwa mdaiwa katika kesi ya kwanza. Tumeanza kuandika hati ya madai. Mdaiwa ni mmoja, kwa jina lake.