Watu wengi au njia ndefu: vichupa vya surua viende wapi?

"Kwa nini zahanati ya watu 2,400 ipelekewe vichupa vya surua nusu ya vile vya zahanati ya watu 9,000? Haki iko wapi?"

Anayeuliza hivi ana hoja. Kanuni ya kawaida ya kukadiria chanjo inaanzia kwenye idadi ya watoto wanaohudumiwa, na ina sababu nzuri ya kufanya hivyo: watu wanahesabika, na mgao unaofuata hesabu hauachi mwanya wa kupendelea. Anayegawa kwa macho huishia kumpa zaidi mganga anayepiga simu mara nyingi.

Tuifanye hesabu yenyewe kwa mfano wa wilaya ya Liwale, ambayo peke yake inachukua takriban nusu ya eneo la mkoa wa Lindi. Tuseme zahanati moja iko mjini, karibu na stoo ya chanjo ya wilaya, na inahudumia watu 9,000. Ya pili iko kilomita 80 kwa barabara ya vumbi na inahudumia watu 2,400. Tukichukua kwamba watoto wachanga ni asilimia 3 ya watu, mjini wako 270 kwa mwaka na kijijini 72. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo mjini zinahitajika dozi 45 kwa mwezi na kijijini 12. Kisha unazidisha kwa 1.67, kwa sababu mipango huruhusu takriban asilimia 40 ya dozi za chanjo hii kumwagwa. Kichupa kina dozi 10. Mjini unapata vichupa 8, kijijini 2. Kwenye karatasi hakuna anayelalamika.

Shida inaanza kichupa kinapofunguliwa. Surua-rubela ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganywa hautumiki zaidi ya muda wa saa 6. Kliniki ikifungwa kabla ya hapo, kilichobaki kinamwagwa. Haifanani na pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano, ambayo kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikitunzwa vizuri. Sasa mtazame muuguzi wa kijijini mwenye siku moja ya kliniki kila wiki. Watoto wake 12 wa mwezi wanakuja watatu watatu. Kila wiki anafungua kichupa, anachanja watatu, anamwaga saba. Kwa mwezi ametumia vichupa 4, wala hajafuja chochote, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja kuliko kumrudisha nyumbani bila kinga. Mjini wanakuja watoto 11 kwa wiki, vinafunguliwa vichupa viwili, na mwezi unaisha kwa vichupa 8 kama kanuni ilivyosema. Maana yake kile kiwango cha upotevu tunachomzidishia kila mtu kinaibeba zahanati kubwa na kuiumiza ndogo. Nusu ile anayoilalamikia muulizaji haikutokana na umbali hata kidogo. Imetokana na udogo wa zahanati.

Umbali ni suala jingine, na hapa natofautiana na wanaotaka upewe alama zake kwenye kanuni, kwamba kila kilomita kadhaa ziongeze asilimia fulani ya mgao. Umbali hauzai watoto. Zahanati ya mbali haihitaji chanjo nyingi zaidi kwa mwezi. Inahitaji miezi mingi zaidi kwa safari moja. Idadi ya watu na siku za kliniki zikuambie matumizi ya mwezi, halafu barabara ikuambie uyazidishe mara ngapi. Kiangazi, gari au pikipiki ikifika kila mwezi, peleka ya mwezi mmoja na akiba ya robo yake. Masika yakikaribia na njia inajulikana hufungwa, peleka ya miezi miwili au mitatu mapema. Ukichanganya mambo haya mawili katika alama moja, utairundikia zahanati ya mbali chanjo Agosti, wakati njia ni nyeupe, na Aprili itaishiwa vilevile.

Wanaopinga kupeleka akiba mbali wana hoja nzito kuliko ile ya usawa. Chanjo iliyoko stoo ya wilaya inaweza kuelekezwa kokote dharura inapotokea. Iliyoko kilomita 80, njia ikiwa imefungwa, hairudi. Jokofu la huko likiharibika, akiba yote inapata joto na alama ya VVM kwenye vichupa inageuka rangi. Jokofu likizidisha baridi, pentavalenti inaganda na kuharibika, na VVM haionyeshi kuganda kabisa. Kwa hiyo sharti langu ni moja: kabla ya kupeleka ya miezi miwili, soma kumbukumbu za joto za jokofu lile kwa siku 30 zilizopita. Kama limetoka nje ya nyuzi 2 hadi 8, tengeneza jokofu kwanza.

Mtihani wenyewe unakuja chanjo zinapopungua. Tuseme mwisho wa Machi stoo imebaki na vichupa 12 vya surua kwa zahanati hizi mbili, na shehena mpya inatarajiwa mwisho wa Aprili. Ukigawa kwa idadi ya watu, mjini wanapata 9 au 10, kijijini 2 au 3. Kijiji kinaishiwa kabla Aprili haijafika mwisho, na njia huenda isifunguke mpaka Mei iishe.

Mimi ningepeleka 5 kijijini na kubakiza 7 mjini, kwa masharti. Kijijini siku za surua zipunguzwe ziwe mbili kwa mwezi, zitangazwe mapema kupitia kwa wahudumu wa afya ya jamii na ziandikwe kwenye kadi ya mtoto, ili watoto sita waje pamoja. Vichupa 4 vitamaliza miezi miwili na kimoja kinabaki akiba. Mjini wana nafasi ambayo kijiji hakina: wanaweza kuita watoto kwa makundi ya kumi na kukitumia kila kichupa chote. Vichupa 7 vinakuwa watoto 70, yaani kama wiki sita, badala ya wiki tatu na nusu.

Hatari ipo, na siifichi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Kusini ilikatika Somanga, Kilwa. Shehena ikikwama hivyo zaidi ya wiki sita, mjini watakosa chanjo watoto 11 kila wiki, na surua hukimbia haraka zaidi penye msongamano. Kijijini wangekosa watatu tu kwa wiki. Kwa idadi tupu, nimekosea. Lakini mtoto wa mjini ataitwa siku ileile shehena ikiingia. Wa kijijini atasubiri mpaka njia ifunguke, na mama aliyetembea saa tatu akarudishwa mara moja si rahisi aje tena.

Atakayetaka kujua mgao wa wilaya yake unakwendaje asitosheke na orodha ya waliopelekewa nini. Alinganishe vichupa vilivyofunguliwa na watoto waliochanjwa. Zahanati ndogo inayoripoti upotevu wa surua wa asilimia 10 hupongezwa kwenye vikao, kumbe ndiyo ya kwanza kukaguliwa: ili kufikia hapo, muuguzi lazima asubiri watoto tisa wafike ndipo afungue. Rejesta itaonyesha, kwa watoto waliopata surua ya kwanza wakiwa na miezi 11 au 12 badala ya 9.