Namba ya Tukuza iandikwe nne nne

Nina ombi kwa kila anayekaa Unguja akawanunulia umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, wazee wake walioko Pemba: ukishapata ile tokeni ya tarakimu 20, usiipeleke ilivyo. Ikate mafungu ya nne nne kwanza, ndipo uitume. Ni kazi ya kugusa kitufe cha nafasi mara nne tu, na upande wa pili, Wete au Micheweni, kuna mtu amesimama gizani na tochi ya simu, na mtoto mbele ya mita akingojea kutajiwa namba abonyeze.

Kampuni nyingi zinazouza umeme siku hizi huleta tokeni imekwishakatwa, na risiti za karatasi nazo ni hivyo hivyo. Tatizo huanza pale tokeni inapopita mkono wa pili. Kuna programu za simu zinazoimeza ile nafasi unaponakili, na kuna mawakala wanaoichapa upya kwa haraka bila kuacha pengo hata moja. Ikimfikia bibi inakuwa hivi (namba hii nimeitunga, msije mkajaribu kuiingiza):

60333301884777400192

Hebu ihesabu ina tatu ngapi mwanzoni, bila kuweka kidole. Halafu tazama saba za katikati, ni mbili au tatu? Jicho likifika kwenye tarakimu zinazojirudia hupoteza mahali lilipokuwa, na likirudi halijui lirudi wapi. Sasa itazame hivi:

6033 3301 8847 7740 0192

Zile tatu nne zimegawika, mbili fungu la kwanza na mbili fungu la pili. Saba zimegawika, moja na mbili, na sifuri mbili za mwisho kila moja ina fungu lake. Hakuna tena mahali ambapo jicho linateleza. Mimi naona faida kubwa ya mafungu ni hii ya kuvunja marudio, kuliko hata ile ya kusaidia kukumbuka.

Kuna faida nyengine ambayo watu wengi hawaijui: mafungu yanakuonyesha kosa ni la aina gani na limetokea wapi. Tuseme mwandikaji ameruka tatu moja. Ukikata alichoandika nne nne, unapata:

6033 3018 8477 7400 192

Weka mistari miwili juu na chini. Fungu la kwanza ni sawa. La pili limeharibika, na kuanzia hapo yote yamesogea, mpaka la mwisho limebaki na tarakimu tatu. Ukiona hivyo, usihangaike kuyakagua mafungu yote. Kuna tarakimu imerukwa, na imerukwa ndani ya fungu la kwanza lililotofautiana, au pale lilipokutana na lililotangulia. Kama tarakimu imezidi, mafungu husogea upande mwengine na mwisho hubaki tarakimu moja peke yake. Lakini ukiona fungu moja tu limetofautiana na yaliyobaki yote yamekaa sawa, mathali 8847 imekuwa 8874, basi hakuna kilichorukwa. Tarakimu zimepishana au moja imebadilika, na unarekebisha fungu hilo tu. Kwa namba iliyoandikwa mfululizo uchunguzi huu hauwezekani. Unachoweza kufanya ni kuanza upya kutoka mwanzo, na kuanza upya ndiko kunakozaa kosa jengine.

Tena tokeni tunaipitisha sana kwa mdomo, na Kiswahili chetu kina mitego yake kwenye simu yenye mawimbi mabovu. Nne na nane husikika karibu sawa. Tatu na tano vile vile. Kibaya zaidi ni ule mtindo wa kufupisha: mtu anasema "sifuri tatu" akikusudia sifuri, sifuri, sifuri, na wewe unaandika 03. Au anasoma mbili mbili, "thelathini na mbili", na mtoto anabonyeza 302. Namba ikiwa imekatwa nne nne, hamu ya kufupisha hupungua, kwa sababu fungu ni fupi na lina mwisho unaojulikana. Unasoma "sita, sifuri, tatu, tatu", unanyamaza, mwenzako anakurudishia, mnaendelea. Akikurudishia tarakimu tatu au tano, mmeshajua hapo hapo. Na asirudishe kwa kusema "eee, nimeandika". Arudishe namba yenyewe.

Kwa nini nne, na si tatu au tano? Mtafiti Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001 kuhusu kumbukumbu ya muda mfupi, aliona kwamba akili hushika vitu kama vinne kwa wakati mmoja bila kuvirudiarudia. Hilo linaelekea huku tuliko. Lakini nisijifanye kwamba jibu lote liko kwenye saikolojia, maana tatu nazo zinashikika vizuri, na namba zetu za simu tunaziandika nne, tatu, tatu bila shida. Sababu yangu ni ya kawaida zaidi. Ishirini inagawika kwa nne bila kubaki kitu, na kumi na sita za kadi ya benki vile vile. Halafu tatu tatu zinafanana na pesa. Mtu akiona 603 333 018, ulimi wake unakwenda kwenye mamilioni na malaki, ilhali namba ya utambulisho haina malaki. Na kuna tofauti moja ya mwelekeo: pesa tunazikata kutoka kulia, namba za utambulisho tunazikata kutoka kushoto.

Niseme kwa uadilifu kwamba tokeni yenyewe ina kinga. Mita hizi za kulipia kabla hufuata mfumo wa kimataifa unaoitwa STS, na zile tarakimu 20 ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa mita moja tu. Ukikosea tarakimu moja, mita ikiifungua haioni ujumbe unaoeleweka, inakataa. Umeme wako haupotei wala haumwendei jirani. Unachopoteza ni muda, na baadhi ya mita zikikosewa mara nyingi hujifunga kwa kitambo kabla ya kukubali tena. Namba ya mita nayo, ya tarakimu 11 au 13, tarakimu yake ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea moja mashine ya kuuzia ina njia ya kugundua. Pa kuogopa hasa ni akaunti ya benki ambayo haina tarakimu ya namna hiyo. Hapo kosa linaweza kuangukia akaunti ya mtu mwengine aliye hai, na kinga pekee ni lile jina linalotokea kwenye simu kabla hujabonyeza kukubali. Lisome.

Mafungu peke yake yana kikomo. Mwaka 2024 mita za STS duniani zilitakiwa zibadilishwe ufunguo kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa sababu saa iliyomo ndani ya mfumo, inayohesabu dakika tokea mwaka 1993, ilikuwa inafika mwisho wa nafasi yake. Kwa kawaida mnunuzi hupewa tokeni mbili za kubadilisha ufunguo, kisha ya tatu ya umeme, na hutakiwa aziingize kwa mpangilio huo. Hizo ni tarakimu 60, mafungu kumi na tano. Ukiyapanga kwenye mstari mmoja umerudi kule kule tulikotoka, safari hii jicho linapotea baina ya mafungu badala ya baina ya tarakimu. Dawa ni kila tokeni mstari wake, na mwanzoni uandike ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Wala si kila namba ndefu inataka nne. Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20 kama tokeni, lakini ina mipaka yake: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, halafu tano, halafu tano, halafu mbili. Hizo ziache kwenye vistari vyake, kwa sababu karani akizitazama anaiona tarehe, na tarehe ya uongo inajitaja yenyewe. Ukizilazimisha nne nne, mwaka utabaki salama lakini fungu la tatu na la nne halitakuwa na maana yoyote. Akaunti za tarakimu 13 pia zina udhia. Nne, nne, nne, kisha moja inabaki yatima mwishoni, na yatima huyo ndiye anayesahaulika. Mimi huandika nne, nne, tano.

Wenye kuweka hesabu za vikundi kwenye kompyuta, maneno haya yanawahusu. Ukichapa tokeni yetu ya mfano ndani ya Excel bila nafasi, itaigeuza 6.03333E+19, na ukiipa seli mtindo wa namba utakuta 60333301884777400000. Excel hushika tarakimu 15 za mwanzo tu, zinazobaki huzifanya sifuri. Zile 192 za mwisho zimekwenda, na hazirudi kwa kubadilisha mtindo wa seli baadaye. Kadi ya tarakimu 16 itapoteza ya mwisho, na akaunti inayoanza na sifuri itaipoteza sifuri yake. Namba iliyokatwa nne nne huokoka, kwa sababu Excel ikiona zile nafasi huichukua kama maandishi. Njia iliyo sahihi ni kuifanya safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa chochote, na pale mfumo mwengine unapoitaka namba bila nafasi, uzitoe kwa fomula:

```
=SUBSTITUTE(A2," ","")
```

Lawama iliyobaki nawapelekea vijana wetu wanaotengeneza programu za malipo. Nafasi ni ya macho ya msomaji, mfumo uhifadhi tarakimu tupu, hilo halina ubishi. Lakini iweje mtu abandike namba yenye nafasi, kisanduku kimwambie namba si sahihi? Na kuna kisanduku kibaya kuliko hicho, kile kilichowekewa ukomo wa herufi 13 kwa akaunti ya tarakimu 13. Ukibandika 4081 2297 5563 0, nafasi nazo zinahesabiwa, kinachoingia ni 4081 2297 556, na tarakimu mbili za mwisho zimekatwa kimya kimya. Kwanza toa nafasi na vistari, kisha ndiyo uhesabu urefu. Na mtu akimaliza kuandika, mrudishieni namba yake imekatwa nne nne kwenye ukurasa wa kuthibitisha, chini yake pawe na jina la mwenye akaunti, kabla ya kile kitufe cha kutuma.