CEA na AFP si vipimo vya kumtafutia saratani mtu asiyeumwa

Ninapinga kwa dhati desturi ya kuingiza viashiria vya saratani, yaani protini za kwenye damu ambazo baadhi ya saratani huzipandisha, kwenye uchunguzi wa jumla wa afya. Mtu haumwi popote, anataka kujua hali yake tu, na kwenye orodha ya vipimo vya damu anakuta CEA na AFP. Anadhani majibu yakiwa mazuri hana saratani, na yakiwa mabaya anayo. Yote mawili si kweli, na sababu yake iko kwenye jinsi protini hizi zinavyofanya kazi mwilini.

Tuanze na CEA, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal. Waliipata kwenye saratani ya utumbo mpana na kwenye utumbo wa kijusi, na kwa muda ilidhaniwa kuwa haipo kabisa kwa mtu mzima mwenye afya. Baadaye ikabainika kwamba ipo. Seli za kawaida za utumbo huitengeneza kila siku kwa kiasi kidogo, lakini huitoa upande wa ndani ya utumbo, nayo huondoka na kinyesi. Inayoponyoka na kuingia kwenye damu ni kidogo mno, na ini huichuja.

Hapo ndipo udhaifu wa kipimo ulipo. Saratani changa, ambayo bado imekaa kwenye ukuta wa utumbo, nayo humwaga sehemu kubwa ya CEA yake ndani ya utumbo. Kiwango cha kwenye damu kwa kawaida huanza kupanda uvimbe ukishapenya kuta, ukafika kwenye mishipa, au ukasambaa hadi kwenye ini. Kwa hiyo kipimo huwa hafifu wakati ule ambao upasuaji peke yake ungemponya mtu, na huwa kizuri wakati ugonjwa umeshakomaa. Tena zipo saratani ambazo seli zake zimeharibika kiasi kwamba haziitengenezi CEA ya kutosha, hata zikiwa zimeenea.

Upande wa pili, CEA hupanda bila saratani. Kwa asiyevuta sigara, maabara nyingi huweka mpaka kwenye nanogramu 3 hivi kwa mililita, na kwa mvutaji huruhusu hadi 5, kwa sababu uvutaji peke yake huipandisha. Ini lenye makovu hushindwa kuichuja vizuri, nayo ikajikusanya. Utumbo uliovimba kwa muda mrefu bila saratani, kongosho lililovimba, ugonjwa sugu wa mapafu, hata tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, vyote vinaweza kuisukuma juu kidogo.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya, huteleza. Tuchukue watu 10,000 wa umri wa makamo wasio na dalili yoyote, na tuseme 30 kati yao wana saratani ya utumbo mpana wasiyoijua. Tukipe kipimo sifa za kukisaidia: kinagundua wagonjwa 40 katika kila 100, na kinawapa majibu ya kawaida watu 90 katika kila 100 wasio na ugonjwa. Katika wale 30, kitawaona 12. Wengine 18 watarudi nyumbani na karatasi inayosema hawana tatizo, na baadhi yao watadharau damu kwenye kinyesi miezi michache baadaye kwa sababu “walishapima”. Katika wale 9,970 wasio na saratani, 997 watapata majibu ya juu. Jumla waliopata majibu ya juu ni 1,009, na wenye saratani kweli ni 12. Yaani kati ya watu 84 waliotishwa, mmoja tu ndiye mgonjwa.

Wale 83 hawaachwi hivi hivi. CEA haisemi saratani iko wapi. Inaweza kutoka kwenye utumbo, kongosho, tumbo, mapafu au titi. Kwa hiyo huanza picha za CT za kifua na tumbo, kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana, pengine na kamera ya tumboni. Picha hizo nazo huonyesha vidoa visivyo na madhara, na kila kidoa kinadai uchunguzi wake. Kolonoskopi, ingawa ni salama kwa walio wengi, mara chache hutoboa utumbo. Mtu aliyeingia mzima anaweza kutoka ameumizwa na uchunguzi wenyewe.

Kuongeza viashiria kwenye kifurushi hakupunguzi tatizo, kunalizidisha. Vipimo 6 visivyotegemeana, kila kimoja kikikosea kwa watu wazima wa afya 5 tu katika 100, vikifanywa pamoja humwachia mtu asiye na ugonjwa uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kupata angalau jibu moja lisilo la kawaida.

AFP, ambayo hutumika kutafuta saratani ya ini, ina hadithi inayofanana, ila inafundisha jambo la ziada. Hutengenezwa na ini la kijusi na mfuko wa kiini, hushuka baada ya kuzaliwa, na hupanda tena kwa mama mjamzito, kwa mwenye homa ya ini, na pale ini linapojaribu kuotesha seli mpya. Kwa kijana asiye na ugonjwa wa ini, saratani ya ini ni adimu sana hivi kwamba karibu kila jibu la juu litakuwa na sababu nyingine. Lakini wachukue watu 1,000 wenye makovu ya ini, ambao kati yao 30 wana saratani. Tukisema kipimo kinagundua 60 katika 100 na kinakosea kwa 10 katika 100, wagonjwa 18 wataonekana na wasio na saratani 97 watatishwa. Sasa ni mgonjwa mmoja kwa kila watu 6 hivi wenye jibu la juu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na aina ya watu waliopimwa. Hata kwa kundi hilo AFP haitoshi peke yake. Msingi ni ultrasaundi ya ini kila miezi 6, na AFP huongezewa juu yake.

CEA nayo ina kazi yake halali. Mgonjwa ambaye saratani yake ya utumbo imeshathibitishwa hupimwa kabla ya upasuaji. Uvimbe ukiondolewa wote, kiwango kilichokuwa juu hutarajiwa kurudi kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6. Kisha hupimwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka ya mwanzo, na kupanda mfululizo huwa ishara ya kutafuta ugonjwa uliorudi. Lazima iwe maabara ileile na mashine ya aina ileile, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu moja.

Asiye na dalili anayetaka kujikinga na saratani ya utumbo apime damu iliyojificha kwenye kinyesi, au afanye kolonoskopi kwa umri unaopendekezwa. Kipimo cha kinyesi nacho huwatisha baadhi ya watu bure, lakini kolonoskopi inayofuata inajua pa kutazama, na ikikuta vinyama vilivyoota inaviondoa kabla havijawa saratani. CEA kwa kawaida haivioni vinyama hivyo.

Na kama karatasi tayari iko mkononi, inasema CEA ni 4.8, na huna dalili? Mweleze daktari kama unavuta sigara, na historia ya ini, mapafu na utumbo wako. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa kwenye maabara ileile. Namba ikibaki pale pale au ikishuka, kuna uwezekano mkubwa kuwa si saratani. Ikipanda waziwazi, au ikiwa zaidi ya 10, hapo uchunguzi wa kina una sababu. Na kama una damu kwenye kinyesi, unapungua uzito bila kujua kwa nini, au choo kimebadilika kwa wiki nyingi, omba kolonoskopi hata CEA ikiwa 1.