Lam, lamma na kosa la "hajazaa"

"Ustadhi, katika darasa letu la Kiarabu tuna vikanushi viwili, lam na lamma, na tukifasiri lam yaktub na lamma yaktub zote tunaziandika 'hajaandika'. Mwenzetu mmoja kashikilia kuwa lam ni 'hakuandika' tu, popote itakapokuja. Nani kapatia?"

Mwenzenu ana shahidi mzito. Sibawayhi, bingwa wa nahau wa karne ya pili ya Hijra, alipoeleza ukanushi wa kitenzi hakuanza na vikanushi vyenyewe. Alianza na kauli inayokanushwa. Mtu akisema faala, ukanushi wake ni lam yafal. Akisema kad faala, ukanushi wake ni lamma yafal. Sasa liweke hilo kwa Kiswahili: aliandika, hakuandika, ameandika, hajaandika. Ni kama vile kipimo kilikatwa kwa ajili yetu, maana kad ikitangulia kitenzi cha wakati uliopita huwa karibu sana na -me- yetu. Anayekimu sala husema kad kaamatis swala, na kila aliye msikitini anaelewa kwamba sala imesimama sasa hivi, apange safu. Hakuna anayeelewa kwamba ilisimama.

Msichanganywe na sura ya kitenzi. Baada ya lam, yaktub inabaki na umbo la mudhari, imekatwa kwa sukuni tu mwishoni, na anayeanza kusoma huona "anaandika" hapo akatoa "haandiki". Haandiki ni la yaktubu, yenye u yake mwishoni. Lam wanahau wameipa kazi tatu: kukanusha, kujazimu, yaani kuukata huo mwisho wa kitenzi, na kugeuza, na kinachogeuzwa ni wakati, kutoka sasa kwenda jana.

Mahali ambapo "hajaandika" yenu ya kila pahali inaleta madhara ni Suratul Ikhlas. Lam yalid walam yuulad. Kwa mtindo wa darasa lenu itakuwa "Hajazaa wala hajazaliwa", na masikio yoyote ya Kiswahili yatashtuka. Jirani akikwambia Fatma hajazaa, unajua kuna mtoto anangojwa, au angalau watu wanaomba Mungu. Akikwambia bibi yule hakuzaa, unajua habari imekwisha. Vivyo hivyo kijana husema sijaoa, na mzee wa miaka themanini husema sikuoa. Ile -ja- huacha mlango wazi, na katika aya hii mlango huo ni wa kufungwa kabisa. "Hakuzaa wala hakuzaliwa" ndiyo tafsiri. Msingeweza hata kidogo kuweka lamma pale, na kwa sababu hiyo hiyo hamwezi kuweka -ja-.

Wanahau wa Kiarabu wana jaribio zuri la jambo hili. Inafaa kusema lam yakun thumma kaana, "hakuwa, kisha akawa". Haifai kusema lamma yakun thumma kaana, kwa kuwa ukanushi wa lamma lazima ufike hadi dakika ya kusema. Lijaribu kwa Kiswahili: "hakufika, kisha akafika" inapita, "hajafika, kisha akafika" inakwama kooni. Lugha mbili zisizo na undugu wa damu, na jaribio moja linafanya kazi kotekote.

Hata hivyo jaribio hilo hilo lina upande ambao mwenzenu hajauona. Lamma lazima ifike hadi sasa, lakini hakuna aliyesema kwamba lam lazima ikomee jana. Lam inaweza kukatika zamani, na inaweza kuendelea hadi mtu anaposema. Yenyewe haichagui. Kiswahili ndicho kinacholazimisha uchaguzi, kwa kuwa mfasiri hana umbo la katikati: ataandika -ku- au ataandika -ja-, na vyovyote atakavyoandika ameongeza kitu ambacho lam haikukitamka.

Tena, Kiarabu cha leo cha barua na magazeti kimeiweka lamma hii kando. Anayetaka kusema "bado" huchukua lam na kumalizia na baad: lam yasil baad, "hajafika bado". Mara nyingine hata hiyo baad huachwa kwa kuwa maana inajulikana. Tuseme mfanyakazi aliyeko Maskati anamwandikia mwajiri wake: lam astalim raatibi, habari ya mshahara. Mkimfasiria "sikupokea mshahara wangu", mnasimulia kisa kilichopita, labda cha mwaka juzi. Kama anadai na mwezi ndio kwanza umekwisha, Mswahili angeandika "sijapokea mshahara wangu", na neno hilo moja ndilo linalobeba deni. Hapo kanuni ya "-ku- tu" ingemdhulumu mtu haki yake.

Aya inayowakutanisha nyote wawili ni ya 14 katika Suratul Hujurat, ambako lam na lamma zimekaa pamoja. Mabedui wanasema aamanna. Wanajibiwa lam tuuminuu, lakini semeni tumesilimu, walamma yadkhul, imani kuingia nyoyoni mwenu. Mshika kanuni ataandika "Hamkuamini", kisha "imani haijaingia", na kwa hakika ameihifadhi tofauti ya vikanushi viwili. Lakini tazama alivyofasiri aamanna yenyewe. Hakuna awezaye kuandika "Tuliamini" pale, kwa kuwa itasikika kama waliamini wakaacha. Ataandika "Tumeamini". Na mtu akikwambia tumeamini, kumjibu "hamkuamini" ni kama kumjibu kuhusu siku nyingine. Jibu linalokaa sawa ni "Hamjaamini".

Kwa hiyo mimi huandika "Hamjaamini", na tofauti iliyopotea nairudisha kwenye lamma kwa kuiongezea neno: "na imani bado haijaingia nyoyoni mwenu". Gharama yake naijua. Lam pale ni kukata madai tu, na -ja- yangu inatia tumaini mapema kidogo kuliko Kiarabu. Nimeikubali kwa sababu tumaini lenyewe linakuja maneno machache mbele, na kwa sababu nimefuata njia ya Sibawayhi kuliko orodha iliyotokana naye: angalia kwanza kauli inayokanushwa imesimama vipi katika lugha yako. Ikiwa ni -li-, lam ni -ku-. Ikiwa ni -me-, lam inaweza kuwa -ja-, ila pale ambapo kungojea hakukubaliki, kama katika Ikhlas. Lamma ya kukanusha daima ni -ja-, na "bado" haiidhuru. Na lam yaktub mliyopewa ubaoni, isiyo na mwanzo wala mwisho? Hakuandika.

Liko pia pahali ambapo darasa zima, na mwenzenu naye, mtakosa pa kushika. Suratul Alak, aya ya 5: amemfundisha mwanadamu maa lam yaalam. Mkitaka kirejeshi ndani ya kitenzi, -ku- haiingii wala -ja- haiingii. Kiswahili kina -si- tu hapo, nayo haina wakati: "asiyoyajua". Msomaji akiisoma hivyo anaweza kudhani mwanadamu hayajui hadi leo, ingawa amefundishwa. "Ambayo hakuyajua" inarudisha wakati, lakini kujua ni hali ya kukaa nayo, si tendo la mara moja, na -ku- inaifanya ionekane kama nafasi iliyompita. Nimezunguka nayo mara nyingi, na kila mara naishia kwenye vitenzi viwili badala ya kimoja: "aliyokuwa hayajui". Ile lam imegawanyika, wakati wake umekwenda kwenye -li-, na ukanushi wake umebaki kwenye ha- ya mudhari.