Shikamoo Inayokomea Mlangoni mwa Jikoni

Nyumba niliyolelewa iko Tudor, Mombasa, na mwanamke aliyetupikia wakati huo alimzidi mama yangu umri kwa miaka kama 10. Mama alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, kama alivyowaita majirani wote, lakini sisi watoto tulimwita kwa jina lake tupu na hakuna mtu mzima aliyetukanya. Kila asubuhi tulimwamkia baba, tukamwamkia mama, tukamwamkia nyanya aliyekuwa ameketi barazani na tasbihi yake, kisha tukaingia jikoni na kuuliza, "Chai iko wapi?" Watoto wa jirani waliokuja kucheza kwetu walimpa yule mama shikamoo, naye aliwaitikia marahaba kwa uso mkunjufu ambao sisi hatukuwahi kuuona, na sikumbuki kama hata siku moja nilijiuliza kwa nini.

Leo najua kwa nini, na ndiyo sababu ya makala haya. Kwa desturi ya pwani yetu, shikamoo hufuata umri. Haiulizi mtu analipwa na nani wala analala chumba gani, na kijana wa Kizingo mwenye gari lake hana njia ya kuikwepa mbele ya mzee anayeuza madafu kando ya barabara. Lakini mzee huyo huyo akiajiriwa kuwa soja wa lango la kijana huyo, baada ya mwezi mmoja utasikia akiitwa kwa jina, au kwa cheo cha kazi yake, au kwa honi tu. Umri wake haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mshahara katikati yao, nasi tumekubali kimyakimya kwamba mshahara hununua na shikamoo pia.

Lugha yenyewe inakumbuka asili ya jambo hili. Neno mtumwa limetokana na kitenzi kutuma: mtumwa ni mtu anayetumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, lakini neno kijakazi bado ni tusi hai katika vinywa vya watu, na muungwana, ambaye zamani alikuwa mtu asiye mtumwa, sasa ni mtu mwenye adabu. Kwa hiyo kumtuma mtu mzima si jambo jepesi kwa masikio ya Mswahili, na wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana wengi wao hawakuanza na agizo bali na swali: "Nikutume?" Ni neno moja, na jibu lake karibu kila mara ni ndiyo, lakini linampa anayetumwa nafasi ya kusema kwamba mchuzi uko motoni na atakwenda baadaye kidogo. Baina ya "lete maji," "niletee maji" na "naomba maji" maji ni yale yale, ila kwa la kwanza anayeambiwa ni mkono tu, na kwa la mwisho ni mtu anayeweza kuwa na shughuli nyingine.

Kuna na "wewe." Kumwita mtu mzima "We!" kutoka chumba cha pili ni kumvunjia heshima hata kama sauti ni ya upole, na zaidi akiwa ni mtu ambaye mwenyewe huitika "labeka" kila anapoitwa. Sikiliza nyumbani kwako ni nani huitika labeka au naam na ni nani huitika "nini?", utajua mara moja heshima ya nyumba hiyo inaelekea upande gani.

Nisidhaniwe ninazungumzia upole wa maneno tu, kwa sababu kauli mbaya ina gharama zake. Katika ofisi moja niliyofanya kazi kulikuwa na dereva aliyewazidi umri karibu wote waliompanda gari. Siku moja alimwambia msimamizi kijana kwamba breki zinalia, akajibiwa, "Wewe endesha, mambo ya gari tuachie sisi." Tangu siku hiyo kila alichoambiwa alijibu "sawa, bosi," mara nyingi kabla msemaji hajamaliza sentensi. Wiki chache baadaye, tukirudi kutoka Malindi, kabla ya kufika Mtwapa tukasikia chuma kikisaga chuma: breki pedi zilikuwa zimekwisha kabisa na diski imelika. Badala ya kununua pedi peke yake, ofisi ikanunua pedi na diski, na sisi tukaketi kando ya barabara juani tukishukuru kwamba gari limesimama. Msimamizi alimuuliza kwa hasira kwa nini hakusema. "Nilisema," alijibu, "nikaambiwa niendeshe."

Tangu wakati huo neno "sawa" linalotoka haraka mno hunitia wasiwasi. Mfanyakazi ambaye hajawahi kukuambia kwamba amevunja gilasi, kwamba gesi inakaribia kuisha, au kwamba hakuelewa ulichosema, si kwamba hana makosa. Ameshajifunza kwamba kwako habari mbaya huadhibiwa. Na swali nalo lina namna yake. Ukimuuliza dereva, "Gari liko sawa?" umeshamtilia jibu kinywani. Ukimuuliza, "Gari linasemaje leo?" itabidi akueleze, na ukinyamaza kidogo baada ya jibu la kwanza, mara nyingi lile la maana huja la pili.

Lakini nina onyo kwa wale, nami nilikuwa mmoja wao, wanaodhani kwamba kumwita msaidizi wa nyumbani "dada" kunatosha. Udada huu una hila yake. Saa nne za usiku, "dada, nisaidie tu kupiga pasi nguo hizi" ni amri iliyovaa nguo za ombi, na ni ngumu zaidi kuikataa kuliko amri ya wazi, kwa maana anayekataa huonekana amemnyima ndugu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12. Dada asiyejua Jumapili yake ni ipi angeona afadhali kuitwa jina lake tupu na akapewa Jumapili hiyo. Mambo ya kazi yasemwe kwa lugha ya kazi, kwa saa na siku zinazojulikana. Adabu ya umri ibaki mahali pake, isitumiwe kulipia deni la mshahara.

Nyumbani kwangu sasa kuna mama anayetusaidia, na watoto wangu humwamkia kila asubuhi. Haikuwa rahisi kama nilivyofikiri, kwa kuwa shikamoo haiendi peke yake: anayeitikia marahaba amepewa pia haki ya kukanya, na hapo ndipo wengi wetu hurudi nyuma, tukataka mtoto aamkie lakini asiambiwe kitu. Mwezi uliopita binti yangu alinijia amenuna, akasema ameambiwa avitoe viatu vyake juu ya mkeka kwa sababu watu wanaswalia hapo. Akasimama akisubiri niingilie kati. Nilihisi ulimi ukiwasha, kwa kweli, kisha nikamuuliza kama ameshavitoa.