Hoja ya kusugua na hoja ya jua

"Mbona viganja vya mtu mweusi ni vyeupe? Mimi nasema vimesuguliwa na kazi. Ningekuwa sishiki kitu, vingekuwa vyeusi kama mgongo wangu."

Aliyeuliza ni msukuma mkokoteni, tumekaa kwenye benchi la kahawa Kariakoo, kashata mkononi. Fundi cherehani aliyekuwa pembeni akapinga hapo hapo: ni jua, kaka, kiganja hakilioni jua. Benchi likagawanyika, na kila upande ulikuwa na sauti kubwa kuliko ushahidi.

Nilimwomba msukuma mkokoteni afungue mkono. Chini ya kila kidole kulikuwa na sugu gumu la rangi ya manjano, na mistari ya kiganja ilikuwa ya kahawia iliyokolea. Hoja ya kusugua ilitaka kushindia hapo. Lakini ukifuata ukingo wa mkono upande wa kidole cha mwisho, weusi na weupe vinakutana pale pale vinyweleo vinapokoma na michirizi ile ya alama za vidole inapoanza. Kwenye mguu ni vilevile. Angalia uvungu wa unyayo, ile sehemu iliyobonyea ambayo kwa wengi wetu haikanyagi chini: ni nyeupe kama kisigino. Kama rangi ingekuwa inalika kwa kukanyaga, uvungu ungebaki mweusi.

Tena kusugua kunafanya kinyume chake. Tazama paji la uso la mzee anayeswali miaka mingi: alama ya sijda ni nyeusi kuliko uso wote. Magoti, viwiko na vifundo vya vidole ni hivyo hivyo. Ngozi nyeusi ikichokozwa mara kwa mara hutengeneza zaidi melanini, ile rangi inayoifanya iwe nyeusi. Msuguano pekee ungemfanya msukuma mkokoteni awe na viganja vyeusi kuliko mtu yeyote hapo mtaani.

Hoja ya fundi ni nzito zaidi, na wengi wanaoidharau hawajaisikiliza vizuri. Melanini ni mwavuli wa mwili dhidi ya miale ya jua. Kiganja hutazama mwili au ardhi, unyayo umefichwa kabisa, kwa hiyo mwavuli hapo hauna kazi. Hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba linaeleza kwa nini weupe haudhuru, halielezi umetoka wapi. Makalio pia hayaoni jua, na hayajawa meupe. Mtoto mchanga anamaliza ubishi kuliko yote hayo: wengi wa watoto wetu huzaliwa na rangi hafifu, kisha baada ya wiki kadhaa mwili unakolea, hata mahali panapofunikwa na nepi kutwa nzima. Viganja havifuati. Mtoto huyo hajafua nguo, hajashika mpini, wala hajaanikwa juani.

Kwa hiyo agizo liko ndani ya ngozi yenyewe, na hapa ndipo inapotakiwa kupewa nafasi hoja ambayo naona wengi hawaielewi. Ngozi ina tabaka la juu, ambamo zimo seli zinazotengeneza rangi, na tabaka la ndani, ambalo ni kama shamba lililo chini ya mmea. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani, akiwemo Yuji Yamaguchi na Vincent Hearing, walilinganisha seli za tabaka la ndani kutoka viganjani na nyayoni na zile za sehemu nyingine. Za viganjani zilikuwa zinatoa kwa wingi protini inayoitwa DKK1. Protini hiyo iligunduliwa kwanza kwenye viinitete vya chura, vikaota vichwa vikubwa kupita kiasi, na wagunduzi wakaipa jina la Kijerumani lenye maana ya kichwa kinene. Kwenye ngozi kazi yake ni kuzima mawasiliano ambayo seli za rangi huyategemea ili kukua na kutengeneza melanini.

Matokeo yake ni idadi: seli za rangi kwenye kiganja ni chache kama mara 5 kuliko sehemu nyingine. Nataka tukae hapo kidogo, maana watu husikia "chache" wakadhani hilo limemaliza. Mtu mweusi na mtu mweupe wana seli za rangi zinazokaribiana kwa idadi. Tofauti yao ni bidii ya seli hizo na jinsi rangi inavyogawiwa. Kwenye kiganja vyote vimepunguzwa: seli zenyewe ni chache, zilizopo zinafanya kazi kidogo, na seli jirani zinapokea rangi kidogo. Ndiyo maana kiganja cha mtu mweusi sana hakiwi "mweusi aliyepungua" bali kinakaribia kiganja cha mtu yeyote yule.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba DKK1 hiyo hiyo huifanya ngozi ya juu iwe nene. Ngozi ya juu ya kope ina unene wa takriban milimita 0.05, ya unyayo hufika milimita 1.5. Kwa mtazamo wangu, mwili ulitafuta ngozi ya kushikia na kutembelea, na weupe ukaja kwenye kifurushi kimoja na unene. Msukuma mkokoteni alikuwa amekaribia: kazi inahusika, ila ni kazi iliyoandikwa kabla hajazaliwa. Na hata unene wenyewe unachangia, kwa kuwa rangi kidogo iliyoko chini inaonekana kupitia tabaka zito la seli zilizokufa.

Ushahidi unaoshikika uko kwa madaktari wa upasuaji. Mtu akiungua kiganja, akapandikizwa ngozi ya paja pamoja na sehemu ya tabaka lake la ndani, kiraka mara nyingi hubaki cheusi katikati ya kiganja cheupe. Kiraka kimekuja na shamba lake. Ndiyo sababu wengi hupendelea kuchukua ngozi ya uvungu wa unyayo. Watafiti hao walipoweka tabaka la juu peke yake, jembamba, bila la ndani, juu ya kidonda cha kiganja au unyayo, ngozi ile ilianza kufanana na ya mahali ilipopandwa: nene, na nyeupe zaidi.

Fundi ana risasi moja imebaki, na siwezi kuikwepa. Sokwe mkubwa, gorila, ana unyayo mnene unaobeba uzito wa mwili, na ni mweusi, kama kilivyo kiganja chake. Basi unene haulazimishi weupe kwa kila kiumbe. Kifurushi hicho ni cha kwetu. Hapo ndipo jua la fundi linapopata nafasi yake: kama mwavuli ungekuwa unahitajika viganjani, mwili ungeweza kutafuta njia ya kuuweka. Haukuhitajika, kifurushi kikapita bila kuzuiwa. Sababu ya kuanza ni moja, sababu ya kuachwa ni nyingine, na mabishano mengi ya benchini yanatokana na kuzichanganya.

Nilipomweleza habari ya uvungu wa unyayo, msukuma mkokoteni hakusema kitu. Alivua ndala, akageuza mguu, akalowesha kidole kwa kahawa na kufuta vumbi. Akautazama uvungu, akatazama kisigino, kisha akamwambia fundi avue na yeye kiatu.