Fundi Alikuja, Nyumba Haikuwa na Mtu

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025 nilirudi kutoka zamu, hapa Coventry, nikakuta kadi imetumbukizwa kwenye tundu la barua mlangoni. Fundi wa kukagua gesi alifika saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akagonga, hakuna aliyefungua, akaondoka. Chini ya kadi pameandikwa kwamba hilo ni jaribio la kwanza. Nikakasirika, maana Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimempigia simu wakala wa mwenye nyumba na kumwambia waziwazi kwamba siku hiyo hatutakuwepo.

Waziwazi kwa masikio yangu, lakini. Nilichosema kwa Kiingereza, ukikirudisha kwetu, ni hiki: "Siku hiyo ni ngumu kidogo, lakini nitajitahidi." Mtu wa Tanga akisikia hivyo anajua basi, hakuna kitu, apange siku nyingine. Ni "hapana" iliyovishwa kanzu ili isimkwaruze mtu. Yule binti wa ofisini alichukua neno la mwisho tu. Kama atajitahidi, basi atakuwepo. Akaweka alama ya vyema kwenye kompyuta yake na fundi akatumwa. Nilipompigia tena kulalamika alinisomea maandishi yake, na kwa kweli sikuwa na la kujibu.

Nina miaka sita Uingereza, na nimewasikia wenzetu wengi wakisema tofauti ya huku na nyumbani ni utaratibu: huku watu wana miadi, kwetu fundi anakwambia "niko njiani" huku bado yuko kitandani. Sikatai, fundi wa hivyo ninamjua kwa sura. Lakini nadhani tunaiangalia tofauti yenyewe upande usio wake. Miadi yote hii, barua na kadi na majaribio yanayohesabiwa, imezaliwa na jambo moja: nyumba za huku mchana hazina watu.

Nilipokuwa nimepanga vyumba viwili Makorora, kule Tanga, sikuwahi hata mara moja kumwomba mama mwenye nyumba asogeze siku ya fundi. Siku yenyewe haikuwepo ya kusogezwa. Bomba la uani likivuja, fundi anakuja akipata nafasi, na wakati wowote atakaokuja atamkuta mtu: mama mwenyewe barazani, au mpangaji wa chumba cha mbele anayeuza maandazi, au wajukuu. Ufunguo wangu ulikuwa kwa jirani. Nikirudi jioni naambiwa, "Fundi alikuja, amebadilisha koki, anadai elfu kumi." Elfu kumi hiyo, tusidanganyane, mara nyingi nililipa mimi, na kuikata kwenye kodi ilikuwa vita ya miezi miwili. Na mama mwenye nyumba alijua nimepika nini, nani amelala kwangu na mtungi wangu wa gesi umeisha lini. Nyumba yenye watu ina bei yake.

Huku mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi niko ghalani kwa zamu, mtoto yuko shule. Majirani pande zote mbili nao ndiyo hivyo hivyo. Kwa hiyo fundi anapopangiwa kuja kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana, anaomba kitu ambacho mtaa mzima hauna: mtu mzima aliyekaa nyumbani asubuhi nzima.

Baada ya kadi ile, wakala alileta barua nyingine. Siku mpya ni Alhamisi tarehe 23, saa zilezile. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu mtoto alikuwa na kliniki ya macho ambayo tuliingoja miezi, na zamu yangu ilikwisha bandikwa ukutani. Safari hii nikakaa chini nikajiuliza kwanza: kwa nini wanahangaika hivi? Boila yenyewe inafanya kazi, maji ni ya moto.

Jibu nililipata kwenye droo, kwenye cheti cha mwaka uliopita. Kwa kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, mwenye nyumba analazimika kila baada ya miezi 12 kumleta fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, akague vifaa vyake vya gesi na bomba la kutolea moshi, halafu ampe mpangaji nakala ya cheti ndani ya siku 28. Asipofanya ni kosa la jinai. Kinachoogopwa ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo boila ikiunguza vibaya au bomba la moshi likiziba inabaki ndani ya nyumba. Nyumbani tunapikia gesi ya mtungi jikoni, dirisha wazi, upepo wa bahari unapita. Hapa Oktoba kila dirisha limefungwa, na boila yangu iko kwenye kabati karibu na chumba cha mtoto. Nilipolifikiria hilo hasira ilipungua. Wakala hakuwa ananisumbua, mwenye nyumba alikuwa na deni la kisheria na mimi nilikuwa mlango uliofungwa.

Cheti hicho kilinionyesha jambo la pili. Ukaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, kwa hiyo mwisho wa wakala ulikuwa tarehe 27 Novemba 2025. Kwa nini basi aanze kunigongea mapema hivi, Oktoba? Tangu mwaka 2018 sheria inamruhusu kukagua hadi miezi miwili kabla ya mwisho bila kupoteza tarehe yake ya mwaka unaofuata, na mawakala wengi wanaitumia nafasi hiyo kwa sababu wanajua kuna wapangaji kama mimi. Maana yake tarehe 23 haikuwa ukuta. Palikuwa na mwezi mzima nyuma yake. Anayeomba siku isogezwe bila kujua hili anaomba kwa kunyenyekea kupita kiasi, au anagoma kwa ukali usio na sababu.

Nikaandika barua pepe, sikupiga simu tena. Simu tumeizoea sisi, tunapenda sauti ya mtu, lakini simu ndiyo iliyoniponza. Rasimu ya kwanza ilianza na salamu, hali ya hewa, pole kwa usumbufu, habari ya kliniki na jina la ugonjwa wa macho, na tarehe ikaja aya ya tatu. Mke wangu aliisoma akacheka: "Baba, unaposa au unaomba fundi?" Nikafuta. Iliyokwenda, kwa Kiswahili, ni hii:

"Nyumba namba fulani, ukaguzi wa gesi wa Alhamisi tarehe 23 Oktoba. Siku hiyo hakutakuwa na mtu nyumbani, tafadhali msimtume fundi. Sikatai ukaguzi, naomba usogezwe. Tunaweza Jumatatu tarehe 27 saa yoyote, au Jumatano tarehe 29 kuanzia saa saba mchana. Atakayefungua mlango ni shemeji yangu, mtu mzima, atakuwa anakaa nasi siku hizo. Tusipokuwepo, siruhusu kuingia kwa ufunguo wenu. Naomba mnijibu kwa maandishi siku gani mmechukua."

Sentensi ya "sikatai ukaguzi" mke wangu aliiona ya ziada. Mimi niliing'ang'ania. Wakala anahifadhi kumbukumbu ya kila jaribio, kwa sababu akishindwa kuingia hiyo ndiyo kinga yake: ataonyesha kwamba alijaribu mara kadhaa na aliandika. Kwenye kumbukumbu hiyo mtu aliyenyamaza na mtu aliyekataa wanafanana sana. Nilitaka jina langu lisome kwamba nimeomba siku nyingine na nimeitaja.

Habari ya ufunguo ni hiari ya mtu. Jirani yangu mmoja wa Kongo huwaachia waingie, anasema hana cha kuibiwa ila sufuria. Huku sheria inamtaka mwenye nyumba anayekuja kukagua hali ya nyumba atoe taarifa ya maandishi angalau saa 24 kabla na aje saa za kistaarabu, lakini mikataba mingi inaongeza kwamba baada ya taarifa anaweza kutumia ufunguo wake. Ukinyamaza, wakala anaweza kuchukulia umekubali. Mimi sipendi mtu aingie nyumbani kwangu peke yake, na nashangaa mwenyewe kulisema hili, mimi niliyeishi miaka mitatu Makorora ufunguo ukiwa kwa jirani. Lakini yule jirani nilimjua mpaka jina la bibi yake. Fundi wa huku ninamjua kwa kadi yake ya njano tu, yenye picha na namba, na nyuma imeandikwa vifaa anavyoruhusiwa kuvigusa. Hiyo kadi nayo mtu lazima awepo ili aiombe.

Majibu yalikuja baada ya saa mbili, mstari mmoja: Jumatatu tarehe 27, saa mbili hadi saa saba. Hakuna pole, hakuna asante, hakuna "nitajitahidi". Kusema kweli niliona raha. Sikuwa na haja ya kubembeleza, wala kumkumbusha kodi nimelipa mapema, wala kumtuma mtu mzima aniombee. Kwa upande huo sitaki kurudi kwenye vita ya elfu kumi.

Shemeji alitua Jumamosi tarehe 25, na nikajua hatari imebaki moja. Barua ya wakala ilisema 8 hadi 1. Ningemtumia shemeji ujumbe "fundi anakuja saa 8", angekwenda kutembea akarudi saa nane mchana, fundi keshaondoka zamani na kadi ya jaribio la pili iko sakafuni. Nilimwambia kwa mdomo, mara mbili: saa mbili asubuhi, ya kwetu.

Fundi alifika saa nne kasoro. Kwa maelezo ya shemeji, alionyesha kadi bila kuombwa, akafungua kifuniko cha boila, akaingiza mrija wa mashine kupima moshi, akatoka nje kuangalia bomba, akajaza fomu kwenye simu yake. Nusu saa. Shemeji alikuwa ameweka chai ya tangawizi mezani na vitumbua alivyokuja navyo kutoka Tanga, akamlazimisha akae. Fundi aliangalia saa, akakaa, akala viwili. Alipokuwa anaondoka alisema nyumba nne alizopita asubuhi ile, mbili hazikufunguliwa.

Cheti kilikuja kwa barua pepe wiki hiyohiyo. Ukaguzi wa mwaka 2026 mwisho wake ni tarehe 27 Novemba, na shemeji anarudi Tanga mwezi Januari. Nimeshamuuliza msimamizi wangu kama ratiba ya Oktoba ijayo inaweza kuandikwa kwa penseli.